Doa Lililohama Paja

Vijana wangu, hili nimelisema Lindi, nimelisema Masasi, na leo nalirudia hapa Mtwara: ukitunza mavazi ya filamu ili yafanane sini hadi sini, picha ya asubuhi haitoshi. Mpige muigizaji picha anapotoka mbele ya kamera, kabla hajagusa nguo yake.

Sikilizeni yaliyotupata Mikindani. Sini ya 12, mama anamwagikiwa na maji ya mabibo uani. Sini ya 13, anatoka mbio barabarani, doa likiwa kwenye kanga. Barabara tuliipata Jumatatu, ua tukaupata Alhamisi, kwa hiyo doa lilitangulia mmwagiko wake. Tukalipaka kwa chai ya rangi iliyokolea, ukubwa wa kiganja. Nikapiga picha mbele, nyuma na pande zote mbili, nikaandika daftarini: "doa, paja la kushoto."

Tulirekodi sini ile mara kadhaa, kila mara ni teki, na muongozaji akachukua teki ya 4. Lakini baada ya teki ya 2 fundo lilikuwa limemlegea yule dada, akajifunga upya. Kanga haina kifungo wala mbele yake maalumu. Doa likahamia kulia, nami sikuliona. Alhamisi tukafuata picha ya asubuhi, mabibo yakamwagikia kushoto. Kwa mhariri, doa likaruka kutoka paja moja kwenda jingine! Kurudia tulishindwa: maji ya mabibo hayatoki kwenye nguo, na doti nyingine ya jina lile dukani hatukuipata.

Tangu siku ile naandika mambo mawili. Kwanza, doa liko wapi kwenye kitambaa chenyewe, nikipima kutoka kwenye jina la kanga: shubiri mbili juu ya herufi ya kwanza. Hapo halihami. Pili, jina limeangukia wapi mwilini, na hilo nalitazama kila teki. Picha ya kufuata ni ya teki iliyochukuliwa, na namba yake naiandika.

Kuna atakayeniambia simu inahifadhi picha pamoja na tarehe, daftari la nini? Jamani! Simu inajua Jumatatu ya kamera. Haijui kwamba Jumatatu ile ni siku ya pili ya hadithi. Muigizaji ashike karatasi yenye jina la mhusika, namba ya sini, siku ya hadithi na namba ya vazi, ndipo upige. Alhamisi utaitafuta picha kwa namba ya sini.

Nywele na mekapu nitazipitia haraka, saa imetubana. Andikeni njia ya nywele iko upande gani, na msitumie kamera ya mbele ya simu, kwani nyingi hugeuza kushoto kuwa kulia. Alama ya kipigo usoni hufuata siku ya hadithi: mwanzo nyekundu, kisha zambarau, na baada ya siku kadhaa kijani na manjano. Mkianza kurekodi siku ya nane ya hadithi, Jumatatu mpakeni manjano, zambarau isubiri zamu yake.