Waliambiwa ni mawe ya figo: mzee mvutaji, tumbo na mgongo vinavyochanika

DADA: Karibuni tena jamani. Leo sina mgeni, nipo mimi na dokta wetu kama kawaida, na stori ni ya nyumbani kwetu, ya marehemu baba mkubwa, aliyepasukiwa na mshipa mkuu wa damu tumboni. Watoto wake nimewaomba ruhusa wakasema sema tu, labda mzee wa mtu mwingine atapona. Dokta, shikamoo.

DOKTA: Marahaba dada, na poleni tena. Ilivyoanza tuanzie hapohapo, usiruke kitu, kwa sababu kwenye ugonjwa huu vitu vidogovidogo ndo vinavyosema.

DADA: Haya. Baba mkubwa alikuwa na miaka 68, kavuta sigara tangu ujana, karibu pakiti kwa siku, presha anayo na dawa anameza akikumbuka. Siku hiyo kaamka vizuri, kaswali, kanywa chai. Saa 2 asubuhi hivi kainuka kwenye kiti, ghafla kapiga kelele, anashika kiuno upande wa kushoto, anasema kuna kitu kimechanika ndani. Alitumia neno hilohilo, kimechanika. Maumivu yanatoka tumboni yanaenda mgongoni mpaka yanashuka kwenye kinena. Akaenda chooni, tukasikia puu, kaanguka kazimia. Dakika moja mbili hivi kaamka, jasho linamtiririka na mwili wa baridi.

DOKTA: Hapo simama kidogo. Alivyozimia, hospitali mlisema?

DADA: Ndo kinachoniuma mpaka leo, hatukusema. Alishaamka anaongea, tukaona ni ukali wa maumivu. Tulipofika wakampima presha ikawa 105 kwa 60, wakasema nzuri, mzee wa presha leo imeshuka. Mkojo ukapimwa ukaonekana una damu kidogo. Basi wakasema ni mawe kwenye figo, akachomwa diklo, maumivu yakatulia kama nusu hivi, tukapewa dawa tukarudi nyumbani na bajaji.

DOKTA: Sasa nieleze nini kilikuwa kinaendelea ndani, maana kila kilichowapoteza pale kina sababu yake. Kuna mshipa mkuu wa damu unatoka kwenye moyo, unashuka mbele ya uti wa mgongo mpaka usawa wa kitovu, hapo unagawanyika kwenda miguu yote miwili. Unaitwa aota. Tumboni upana wake ni kama sentimita 2. Ukuta wake una nyuzi zinazovutika, na moshi wa sigara kwa miaka mingi unazila zile nyuzi taratibu, ukuta unalegea, mshipa unatuna. Umeshaona tyubu ya baiskeli iliyochoka inavyotoa uvimbe upande mmoja ukijaza upepo? Ndo hivyo. Ukifika sentimita 3 tunaita anyurizimu. Na kwa kawaida hauumi, mtu anakaa nao miaka hajui, mpaka siku unapopasuka.

DADA: Na ukipasuka si damu yote inamwagika tumboni mtu anakufa palepale?

DOKTA: Ukipasukia mbele ndani ya tumbo ndo hivyo, ni dakika tu. Lakini wengi unapasukia nyuma, mara nyingi upande wa kushoto, kule nyuma ya tumbo karibu na figo. Pale nafasi ni finyu, kuna misuli na mafuta, damu ikimwagika inabanwa inaganda, inakuwa kama kizibo. Kwaiyo angalia baba mkubwa: mshipa umepasuka, damu imetoka nyingi kwa mpigo, presha ikaporomoka, akazimia. Kikaziba kidogo, presha ikapanda, akaamka anaongea. Ile 105 mliyoambiwa ni nzuri, kwa mtu ambaye siku zote anakaa 160 huko juu ni presha iliyoshuka vibaya sana. Na ile damu iliyojaa nyuma inakaa jirani kabisa na figo na mrija wa mkojo, ndo maana maumivu yanashuka kwenye kinena na mkojo unaweza kuonyesha damu. Ukimwona juujuu ni jiwe la figo kabisa.

DADA: Kwaiyo waliomtibu walidanganyika, hawakuwa wazembe?

DOKTA: Ndo kosa linalojulikana zaidi kwenye ugonjwa huu, dada, nchi zote linatokea. Ila lina kinga yake. Mtu aliyepita miaka 60, hajawahi kuugua mawe maishani mwake, leo ghafla eti jiwe la kwanza, na ni mvutaji: hapo aota inaangaliwa kwanza kabla hujataja jiwe. Na jiwe linauma mpaka mtu anagaragara, lakini kuzimia kabisa na kuwa wa baridi siyo tabia ya jiwe. Kuzimia pamoja na maumivu ya tumbo au mgongo kwa mzee kunamaanisha damu inapotea mahali mpaka uthibitishe vinginevyo. Na kutulia baada ya diklo hakuthibitishi chochote, dawa ya maumivu inapunguza maumivu ya kila kitu.

DADA: Wangeangaliaje? Maana watu wanafikiria mashine kubwa za mamilioni.

DOKTA: Hapana, ni ultrasaundi, hii hii ya wajawazito. Unaweka kifaa katikati, chini ya kifua, unashuka nacho mpaka kitovuni, unapima mshipa kwa upana wake kutoka nje mpaka nje. Aliyezoea dakika 2 au 3 kamaliza, mgonjwa hajashuka kitandani. Sasa kuna kitu nataka kisikike vizuri: ultrasaundi inakuonyesha mshipa umetuna, lakini damu iliyovujia nyuma mara nyingi haiioni. Kwaiyo huwezi kuandika "umetuna ila hauvuji" ukamrudisha mtu nyumbani. Umetuna na mtu ana maumivu ya ghafla, hesabu umepasuka, piga simu kwa wapasuaji. Gesi ikijaa tumboni au mtu akiwa mnene picha inaweza isionekane, basi hapo kama presha inaruhusu anaenda sitiskani.

DADA: Na kushika kwa mkono je? Kuna nesi aliniambia unausikia unadunda.

DOKTA: Kwa mtu mwembamba ndiyo. Weka vidole vya mikono yote juu ya kitovu, kushoto kidogo, utasikia unadunda na kusukuma vidole viachane pembeni. Kushika taratibu hakuupasui, watu wasiogope. Lakini usiposikia usijidanganye, wengi hausikiki. Vitabu vinataja vitu vitatu, maumivu, presha kushuka, na uvimbe unaodunda; ukisubiri vyote vitatu vije pamoja, wagonjwa wengi watakupita.

DADA: Haya niendelee. Tulirudi nyumbani, akalala. Saa 7 mchana anasema kiu, anataka kukaa, akazimia tena, safari hii kawa mweupe midomo. Tukamkimbiza hospitali nyingine kubwa kidogo, kijana wa imejensi akauliza swali moja tu, "alianguka kabla?", tukasema ndiyo asubuhi. Palepale akavuta ultrasaundi, nakumbuka akasema sentimita 7 na nusu, akanyamaza. Wakaanza kutafuta pa kumpeleka apasuliwe. Presha ilikuwa 80, mimi nikawa nawagombeza, mbona dripu hamuifungulii ikimbie? Kijana akasema mama tukiijaza atamwagika. Sikumwelewa, niliona kama wanamwacha.

DOKTA: Kijana alikuwa sahihi na umri wake mdogo. Kile kizibo cha damu iliyoganda kinashikilia kwa sababu presha iko chini. Ukimwagia lita 2 za maji ya chumvi presha inapanda, kizibo kinang'oka, halafu damu iliyobaki umeifanya nyepesi haigandi. Kwaiyo tunakubali namba ya juu ya presha iwe 70 mpaka 90 ilimradi mgonjwa anakujibu na anajua alipo. Mishipa miwili minene inawekwa kanula tayari, damu inaombwa, na ikibidi kuongeza kitu anapewa damu, maji kidogokidogo tu akianza kupoteza fahamu. Tiba yenyewe iko tiata: kuubana mshipa juu ya pale palipopasuka na kushona bomba la kitambaa, au pale penye vifaa kupitisha bomba kwa ndani kutokea kwenye mshipa wa pajani. Hivi siyo vitu vya kila hospitali, ndo maana kila dakika ya asubuhi ile ilikuwa na thamani.

DADA: Alifia kwenye ambulensi. Alikuwa anaongea mpaka tumetoka getini.

DOKTA: Mungu amrehemu. Ukipasuka, wagonjwa kama 8 kati ya 10 wanakufa, wengi kabla hata ya kufikishwa hospitali, kwaiyo kuukuta kabla ndo kila kitu. Unamjua Albert Einstein, yule mwanasayansi? Alikuwa mvutaji wa kiko. Mwaka 1948 daktari Rudolf Nissen alimpasua pale Brooklyn akaukuta mshipa umetuna, bomba za kubadilishia zilikuwa bado hazipo, akauzungushia karatasi ya selofeni ili utengeneze kovu ukaze. Akaishi zaidi ya miaka 6. Aprili 1955 ukapasuka, upasuaji akaukataa, akafa tarehe 18 akiwa na miaka 76. Siku hizi ukikutwa mapema na mtu ana afya ya kuhimili, mwanaume akifika sentimita 5.5 anatengenezwa kwa mpangilio, mwanamke mapema kidogo, kama 5.

DADA: Kuna msikilizaji alituandikia, baba yake alihisi kuchanika kifuani katikati ya mabega. Ni hii hii?

DOKTA: Hiyo ni ndugu yake. Ukuta wa ndani wa aota unachanika, damu inapita katikati ya tabaka zake, unaanzia kifuani na kushuka, na presha kubwa ndo mchokozi mkuu. Nayo ni dharura hivyohivyo, ila tiba yake ina njia yake, tutaitafutia kipindi.

DADA: Sasa nikiwa nyumbani na mzee kaanza hivi, nifanye nini?

DOKTA: Mlaze, asitembee, asile wala asinywe, na msimpakie bodaboda. Mpelekeni penye ultrasaundi na wapasuaji moja kwa moja, hata kama zahanati iko karibu zaidi. Ukifika mlangoni usianze na historia ndefu, sema hivi: ana miaka kadhaa, mvutaji, maumivu yameanza ghafla saa fulani, amezimia. Halafu uliza, "dokta, mshipa mkuu umeangaliwa?" Hakuna daktari makini atakayekasirika kwa hilo.

DADA: Na baada ya msiba uliniambia kitu kuhusu baba yangu mzazi.

DOKTA: Ndiyo, huu ugonjwa unatembea kwenye damu ya familia, ndugu wa tumbo moja hatari yao inazidi ya watu wengine. Na baba naye kavuta. Kule Uingereza kila mwanaume akifika miaka 65 anaitwa kupimwa mara moja, hapa kwetu lazima ujipeleke mwenyewe.

DADA: Nilimpeleka baada ya arobaini. Alikataa wiki nzima, anasema mi siumwi. Wakakuta sentimita 4.1. Anarudi kupimwa kila mwaka, dawa ya presha namhesabia mimi, na sigara kaacha, huu ni mwezi wa 5 sasa, ile pakiti ya mwisho alimkabidhi mama akamwambia ifiche.