Tarajio la faida kwa kila biashara: hesabu na mipaka yake

Assalaam aleikum watazamaji, na karibuni. Leo tunafungua daftari la mfanyabiashara wa Kisauni, hapa Mombasa, anayenunua na kuuza pauni dhidi ya dola pale soko la London linapofunguka, ili tujue kila anapoingia sokoni hutoka na shilingi ngapi kwa wastani. Daftari hili nimelitunga kwa ajili ya mfano, lakini hatua zake ndizo utakazozifuata kwa daftari lako.

Hatua ya kwanza ni kuandika matokeo. Fungua jedwali la hesabu kwenye simu au kompyuta, weka tarehe katika safu ya A, na katika safu ya B weka matokeo ya kila biashara iliyokwisha kufungwa, hasara ikitanguliwa na alama ya kutoa. Andika kiasi kilichobaki baada ya kamisheni na gharama nyinginezo, kwa sababu shilingi 120 zikisahauliwa katika kila biashara zitaharibu jibu lote, kama mtakavyoona.

Mwenzetu ana biashara 40, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 41. Kati ya hizo, 16 zilimpa faida ya jumla ya shilingi 48,000, na 24 zilimtia hasara ya jumla ya shilingi 36,000.

Hatua ya pili, andika fomula hizi katika D2, D3, D4 na D5, kwa mpangilio huo:

```
=COUNTIF(B2:B41,">0")/COUNT(B2:B41)
=AVERAGEIF(B2:B41,">0")
=-AVERAGEIF(B2:B41,"<0")
=D2*D3-(1-D2)*D4
```

Ya kwanza inatoa kiwango cha ushindi, yaani 0.4. Ya pili inatoa wastani wa faida, shilingi 3,000, na ya tatu wastani wa hasara, shilingi 1,500. Ya nne ndiyo tarajio lenyewe: 0.4 mara 3,000 ni 1,200, 0.6 mara 1,500 ni 900. Ukitoa, unabaki na shilingi 300 kwa kila biashara. Kama angesahau zile shilingi 120 za gharama, 300 hizo kwa kweli zingekuwa 180 tu.

Hakiki jibu kwa `=AVERAGE(B2:B41)`, ambayo lazima nayo itoe 300. Yakitofautiana, tazama kama kuna biashara zilizofungwa bila faida wala hasara, kwani fomula ya nne huzihesabu kana kwamba zilipoteza.

Wapo watakaoona asilimia 40 ya ushindi wakamshauri aache. Ushauri huo hauna msingi, kwa kuwa faida yake ya wastani ni mara mbili ya hasara yake, na kwa uwiano huo anahitaji kushinda theluthi moja tu ya biashara ili asipoteze.

Hata hivyo, naomba msiiamini ile 300 kabla ya hatua ya tatu, ambayo kwangu ndiyo muhimu kuliko zote. Tafuta faida kubwa kuliko zote katika safu ya B. Kwa mwenzetu ni shilingi 15,000, aliyoipata siku moja ambapo pauni ilipanda ghafla. Nakili jedwali, uifute biashara hiyo katika nakala, kisha ukokotoe upya: faida zinabaki 15 zenye jumla ya shilingi 33,000, hasara ni zile zile 36,000, na biashara 39 zilizosalia zinampa hasara ya takriban shilingi 77 kila moja. Tarajio lote lilibebwa na siku moja. Haimaanishi kuwa mbinu yake ni mbovu. Faida kubwa za nadra huenda ndizo mbinu yenyewe, ila siku moja haitoshi kutuonyesha kuwa zitarudi.

Udhaifu wa pili uko katika idadi ya ushindi. Badala ya 16 weka 13, wastani ukiwa ule ule: faida ni 39,000, hasara ni 40,500, naye amepoteza 1,500. Katika biashara 40, ushindi kupungua au kuongezeka kwa tatu ni jambo la kawaida kwa bahati tu, hata kama mbinu haikubadilika hata kidogo.

Tena, 300 haisemi lolote kuhusu mpangilio wa matokeo. Mtu anayepoteza mara sita kati ya kumi anaweza kupata hasara sita mfululizo, ambazo kwake ni shilingi 9,000. Mwenye mtaji wa shilingi 10,000 atakuwa karibu amemaliza fedha kabla wastani haujapata nafasi ya kujitokeza.

Kwa hiyo, hatua ya nne: endelea kuandika biashara 40 zinazofuata katika jedwali jipya, kwa mbinu ile ile na kiasi kile kile cha fedha, na uzikokotoe peke yake kabla ya kuzichanganya na zile za mwanzo.