"Eee" hukaa wapi? Kusafisha utambulisho wako kwa kuusoma ulivyorekodiwa

Karibuni. Leo tutashughulikia dakika moja tu ya maneno: ile ambayo mtu anaombwa ajitambulishe mbele ya kikao, kwenye usaili, au kabla ya kutoa mada. Tutaichukua dakika hiyo, tuirekodi, tuiandike kama ilivyotamkwa, kisha tuisome kwa kalamu mkononi.

Mkishajua kwamba mnasema "eee" mara nyingi, bado hamjapata cha kurekebisha. Kwenye vilabu vya Toastmasters kuna mwanachama anayepewa kazi ya kuhesabu sauti hizo za wasemaji, na hesabu yake inasaidia kumshtua mtu. Lakini idadi haisemi sauti ilitokea wapi, na mahali ilipotokea ndipo penye dawa. "Eee" karibu kila mara inakwambia kwamba neno linaloifuata halikuwa tayari. Mwaka 2002 Herbert Clark na Jean Fox Tree walichapisha uchunguzi wao wa mazungumzo ya Kiingereza, wakaonyesha kwamba sauti ya kusita inayotamkwa kwa mdomo wazi hutangulia kusita kufupi, na ile inayoishia kwa kufunga midomo hutangulia kusita kurefu zaidi. Kwa hiyo sauti hizi ni dalili, na dalili husomwa pale ilipo.

Rekodini kwa simu, mkiwa mmesimama, bila karatasi. Msifanye mazoezi kwanza. Mkirekodi mara tano na kuchagua nzuri, mtakuwa mmeificha ile mnayoitafuta. Kisha andikeni kwa mkono au kwa kompyuta, nyinyi wenyewe. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi mara nyingi huziruka sauti za kusita, zikakuletea maandishi safi ambayo hukuyasema. Punguzeni kasi ya kusikiliza hadi robo tatu, na mrudie kila sekunde tano au sita. Dakika moja inaweza kuwachukua robo saa. Msione ni nyingi, maana sehemu kubwa ya kazi inafanyika hapo.

Kuna jambo moja la Kiswahili ambalo wengi hulikosa wanaponakili. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo msemaji hahitaji hata kutamka "eee" peke yake. Anaivuta tu irabu ya mwisho: "naitwaaa", "naaa", "kwambaaa". Sikio linaipokea kama neno la kawaida na mkono unaandika "na". Iandikeni ilivyovutwa, kwa sababu ni kusita kulekule kumevaa nguo nyingine. Mtu anaweza kujisifu kwamba hana "eee" hata moja, kumbe anazo kumi mikiani mwa maneno.

Tuangalie mfano huu nilioutunga. Msemaji ni mhasibu:

"Eee, habari zenu. Kwa jina naitwaaa Fulani. Kwa hiyo mimi ni mhasibu, naaa nimefanya kazi ya, eee, ya ukaguzi wa hesabu kwa miaka, mmm, kama saba hivi. Kwa hiyo sasa hivi nasimamia, eee, malipo ya mishahara. Kwa hiyo yaani kazi yangu ni, eee, kuhakikisha kila mfanyakazi analipwa kwa wakati."

Zungushieni duara kila sauti ya kusita na kila irabu iliyovutwa. Ni saba. Sasa pigeni mstari chini ya neno linalofuata kila duara, msome yale yaliyopigiwa mstari peke yake: habari, Fulani, nimefanya, ya ukaguzi, kama saba, malipo, kuhakikisha. Hapo ndipo mtu huyu hakuwa tayari.

Tazameni "kazi ya, eee, ya ukaguzi". Hii ni ya kwetu kabisa. Msemaji ametaja nomino, ametoa kiunganishi "ya" mapema, halafu hana cha kukifuatisha. Anakwama, anasita, na akirudi analazimika kukitamka tena ili sentensi ishike. Mkiona "ya, ya" au "wa, wa" kwenye nakala yenu, msihangaike kuifuta "eee". Vunjeni muundo wenyewe. Geuzeni nomino iwe kitenzi: "nimekagua hesabu". Kile kiunganishi kilichokuwa mtego hakipo tena, na kusita kumekosa pa kukaa.

"Miaka, mmm, kama saba hivi" ni tatizo la aina nyingine. Huyu hajaamua idadi, ndiyo maana ameizingira kwa "kama" upande mmoja na "hivi" upande wa pili. Mazoezi ya sauti hayatamsaidia. Akae chini, ahesabu tangu alipoanza, aandike "miaka saba", basi.

Sasa tuangalie maneno ya kuanzia sentensi. Hapa "kwa hiyo" imekuja mara tatu. Kipimo ni chepesi: soma sentensi iliyotangulia, ujiulize kama ndiyo sababu ya hii inayofuata. "Naitwa Fulani, kwa hiyo mimi ni mhasibu." Jina halimfanyi mtu kuwa mhasibu. Futa. Nyingine mbili nazo haziponi. Lakini kipimo hicho kitumieni kwa uaminifu, kwa sababu kuna "kwa hiyo" inayobeba maana, kama ile niliyoisema mimi mwanzoni kuhusu dalili. Hiyo iacheni. Mkifuta kila kiungo, hotuba itabaki vipande vipande na msikilizaji atalazimika kuviunga mwenyewe.

Baada ya marekebisho tunabaki na hivi:

"Habari zenu. Naitwa Fulani, mhasibu. Nimekagua hesabu kwa miaka saba. Sasa nasimamia malipo ya mishahara: nahakikisha kila mfanyakazi analipwa kwa wakati."

Wengi huharibu wakishafika hapa. Wanayakariri maandishi haya neno kwa neno, wanasimama kesho, neno moja linapotea, na kusita kunarudi kwa nguvu kuliko mwanzo, kwa kuwa sasa wanatafuta neno moja tu badala ya lolote linalofaa. Shikeni vituo vinne tu: jina na kazi, miaka saba, mishahara, kwa wakati. Maneno ya katikati yaacheni yabadilike.

Kosa la pili ni kuitoa "kwa hiyo" bila kuweka kitu mahali pake. Pengo kati ya sentensi lilikuwa linajazwa, na mkiliacha tu, "basi" au "sasa" itaingia kabla hamjatambua. Kinachokaa hapo ni pumzi. Shusheni sauti mwisho wa sentensi, fungeni mdomo, vuteni hewa kwa pua. Midomo ikiwa imefungwa "eee" haina pa kutokea, ingawa "mmm" bado inaweza kupenya, na ndiyo maana hewa lazima iwe inaingia. Kimya hicho kitawaonekea kirefu mno. Kisikilizeni kwenye rekodi ya pili: mara nyingi hakifiki hata sekunde moja.

Rekodi hiyo ya pili ifanyeni siku inayofuata, mara moja, na muinakili vilevile. Msilinganishe jumla. Wekeni karatasi mbili ubavu kwa ubavu, mtazame maduara yamehamia wapi. Kama lile la mbele ya "saba" limetoweka na lile la mbele ya "habari" limebaki, basi kusita kulikobaki ni kwa kuanza: mtu anafungua mdomo kabla hajajua neno lake la kwanza. Huyo achague salamu yake angali amekaa, asimame, avute pumzi, ndipo aitamke.