Kufunga bei kabla ya msimu si kangomba

(Mhadhara kwa makatibu na wahasibu wa AMCOS, Masasi, Mtwara)

Ndugu Mwenyekiti, makatibu, wahasibu, na wazee wetu mliofika tangu asubuhi, nawashukuru. Nimeombwa nieleze jinsi wakulima wa nchi nyingine wanavyofunga bei ya mazao yakiwa bado shambani. Najua hapa Masasi nikisema "kufunga bei kabla ya kuvuna", kila mmoja wenu anawaza kangomba. Basi tuanze na hiyo kangomba.

Mwezi wa saba salfa inatakiwa, ada zinatakiwa, na ndani hamna kitu. Anakuja mtu na pesa taslimu, mnakubaliana kwamba korosho za mwezi wa kumi ni zake, kwa bei aliyoitaja yeye na kwa kipimo alichokuja nacho yeye. Bei imefungwa, hilo hatubishani. Ila pale kuna mambo mawili yaliyofungwa kifurushi kimoja: mkopo, na mauzo. Ukiyatenganisha utagundua riba ya ule mkopo imejificha ndani ya bei, na ni riba ambayo hakuna benki ingethubutu kuiandika kwenye karatasi.

Kwenye soko la mikataba ya baadaye, ambako wenzetu wa nje hufunga leo bei ya mzigo wa miezi ijayo, mkulima hapewi hata senti. Yeye ndiye anayeweka pesa. Shikeni hilo, maana mengine yote yanatoka hapo.

Tuchukue mkulima wa mahindi wa Iowa, Marekani. Namba za bei nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi, lakini utaratibu ni wenyewe. Mwezi wa tano amemaliza kupanda. Kwenye soko la Chicago, mkataba wa mahindi ya Desemba unauzwa dola 4.50 kwa busheli. Mkataba mmoja ni busheli 5,000, yaani kama tani 127. Kwa lugha yetu ni magunia 1,270 ya kilo mia. Mkulima anampigia dalali wake: niuzie mkataba mmoja. Hajui aliyenunua ni nani, wala hana haja ya kumjua, kwa sababu taasisi ya malipo ya soko inasimama katikati na kumdhamini kila upande kwa mwenzake. Kwa kazi hiyo inataka dhamana ya fedha kutoka kwa wote wawili.

Tena anajua kwamba ghala la jirani yake hulipa pungufu ya Chicago kwa senti 30 hivi, sababu ya usafiri na utunzaji. Kwa hiyo moyoni ameshapiga hesabu yake: 4.50 toa 0.30, nategemea 4.20.

Mwezi wa kumi anavuna. Tuseme bei imeanguka, mkataba wa Desemba uko 3.90 na ghala linalipa 3.60. Anauza mahindi yake palepale kijijini kwa 3.60. Siku hiyohiyo anaununua tena ule mkataba kwa 3.90, na yeye aliuuza 4.50. Senti 60 za faida mara busheli 5,000 ni dola 3,000. Jumlisha 3.60 na 0.60: amepata 4.20. Mahindi yenyewe hayakwenda Chicago. Wengi humaliza mkataba kwa namna hii, wachache ndio wanaokabidhi mzigo.

Sasa geuza. Bei imepanda, mkataba uko 5.50, ghala linalipa 5.20. Anauza mahindi kwa 5.20, lakini kwenye mkataba amepoteza dola nzima kwa busheli, yaani dola 5,000. Matokeo: 4.20 ileile. Jirani ambaye hakufunga bei anaondoka na 5.20 na kumcheka. Hapa ndipo watu huanza kusema wameibiwa. Hajaibiwa mtu. Aliomba 4.20 akapewa 4.20.

Shida ya kweli iko kwenye muda, na ningependa wahasibu mnisikilize hapa. Hasara ya mkataba haisubiri mwezi wa kumi. Soko linafunga hesabu kila jioni. Ukame ukitangazwa mwezi wa sita na bei ikapanda, pesa inatoka kwenye dhamana yake siku hiyohiyo, na dhamana ikipungua chini ya kiwango dalali anapiga simu: ongeza. Mahindi bado mabichi shambani, hayauziki, na yeye anatakiwa atoe maelfu ya dola. Asipotoa, dalali anaumaliza mkataba papo hapo. Kisha mvua ikinyesha na bei ikashuka wakati wa mavuno, ameshapata hasara ya mkataba na sasa anauza mahindi kwa bei ya chini bila kinga yoyote. Ndiyo maana mkulima mwenye akili huzungumza na benki yake kabla ya kumpigia dalali. Na hauzi mavuno yote. Akitegemea magunia elfu tatu anafungia sehemu tu, kwa sababu ukame uliopandisha bei unaweza kuwa umepita shambani kwake pia.

Ile senti 30 nayo si amri ya Mungu. Maghala yakijaa, ghala linaweza kulipa pungufu ya senti 50, naye akaishia 4.00. Kinga inashika bei ya Chicago. Tofauti ya kijijini kwako unabaki nayo mwenyewe.

Mashirika ya ndege yanafanya hayohayo kwa upande wa pili: wao ni wanunuzi, wanaogopa bei kupanda. Southwest ya Marekani ilikuwa imefunga bei ya sehemu kubwa ya mafuta yake mapema, kwa hiyo Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilipofika dola 147 wenzake walihema, yeye akaruka. Waliofunga bei kule juu yaliwakuta mengine: kufikia Desemba pipa lilikuwa chini ya dola 40. Kenya Airways na Cathay Pacific ni kati ya walioandika hasara kubwa kwa mikataba ya namna hiyo.

Kuna jambo moja la ndege linalotuhusu moja kwa moja. Mafuta ya ndege hayana soko kubwa la mikataba, kwa hiyo mashirika mengi hujikinga kwa mikataba ya mafuta ghafi au dizeli, kwa kuwa bei zake hupanda na kushuka karibu pamoja. Korosho haina ndugu wa namna hiyo. Mkataba wa mahindi au wa soya haukukingi na bei ya korosho, utakuongezea hatari ya pili juu ya ile ya kwanza.

Kwa nini basi korosho yenyewe haina mikataba kama ya Chicago? Busheli ya mahindi ya daraja fulani ni ileile popote. Korosho ghafi inapimwa kwa paundi za kiini zinazopatikana kwenye gunia la kilo 80, na kiasi hicho kinabadilika kwa eneo, kwa msimu, hata kwa namna ilivyoanikwa. Pili, wanunuzi wakubwa ni wachache, wengi wakiuza Vietnam na India. Soko la namna hiyo, mtu mmoja mwenye pesa anaweza kulisukuma. Mnada wa TMX mnaoutumia ni kitu kingine: unauza mzigo ulio ghalani leo, kwa bei ya leo. Hauwezi kuzuia yaliyotokea 2018, wakulima wa Tandahimba na Newala walipokataa bei za mnada hadi Serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo.

Lakini stakabadhi ghalani, iliyoanzia kwenye korosho za mkoa huu 2007, ndiyo msingi wa kitu hicho. Uzito unaoaminika, daraja lililoandikwa, ghala linalowajibika: Chicago nayo ilijengwa juu ya risiti za maghala ya nafaka.

Mama mmoja pale nyuma ameuliza: "Mwalimu, sasa mimi wa mwezi wa saba, nisiye na salfa, unanisaidiaje?"

Mama, kwa hali yako hata soko hilo lingekuwepo Masasi lisingekufaa, kwa sababu lingekudai dhamana wakati wewe unatafuta pesa. Wewe unahitaji mkopo peke yake, bila mauzo ndani yake. Mkopo wa pembejeo kupitia AMCOS, unaokatwa kwenye malipo ya mnada, riba yake unaiona kwenye karatasi na bei unaipata ya mwezi wa kumi. Ikiwa riba hiyo ni kubwa, tuwabane wanaoitoza. Hilo linajadilika, la kangomba huwezi hata kuliona. Katibu wako yupo hapa, mwulize mbele yetu sote msimu uliopita alikata shilingi ngapi kwa kila mfuko wa salfa.