Mapenzi ya Chungu cha Bokoboko

Wanangu mnaotarajia kuoana, na wazee wangu mliokuja kuwasindikiza, asalaam aleikum. Mapenzi nitakayoyazungumza leo ni yale yanayopikwa kama bokoboko: ngano iliyolowekwa, nyama yenye mfupa, maji, chumvi, na moto mdogo unaowaka kwa saa nyingi. Yapo pia mapenzi ya kukaanga, yanayoiva upesi na kuliwa palepale yakitoa moshi. Hayo kila mtu anayaweza. Hili la chungu ndilo linalowashinda wengi, na ndilo mnalotaka kwenda kulipika.

Kwa mliotoka bara: bokoboko ni ngano na nyama vilivyopikwa pamoja hadi vikashikana. Ni ndugu wa harisi ya Uarabuni, chakula ambacho mwaka 2023 UNESCO ilikiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu kwa ombi la Omani, Falme za Kiarabu na Saudia. Likiiva, huwezi kuonyesha kwa kidole hapa ni ngano na hapa ni nyama. Hapa Mombasa tunalipakua harusini na siku za Idi, na mimi nadhani maarusi wanastahili kujua kilichopita jikoni kabla sahani haijawafikia.

Tuanze na kuloweka. Kilo moja ya ngano iliyotwangwa ikatoka maganda inalala majini usiku kucha. Asubuhi ukiitazama imevimba, laini, nyeupe. Mpishi mgeni huiona tayari. Mpishi mzoefu huchukua punje moja akaikata kwa kucha. Akiona katikati kuna kitone kikavu cheupe, anairudisha majini. Ngano yenye kitone ikipanda jikoni huiva juu ikabaki ngumu ndani, na huo ugumu huchelewa kutoka.

Uchumba ndio kuloweka. Mnazungumza miezi mingi, mnacheka, kila mmoja anajua mwenzake anapenda nini. Hayo ni maji yaliyoingia juu. Ikateni punje. Una deni gani, na unamdai nani? Mama yako akiugua atakaa kwetu au kwa dada yako? Mshahara wako nitaujua? Ukitaka kuendelea na masomo nitakupa nafasi? Mchumba akishtuka kwa swali, msigombane. Huo ukavu ni wa kawaida, umeonekana mapema na maji bado yapo. Rudini mkaloweke. Jambo la hatari ni kukataa kukata punje kwa sababu ukumbi umeshalipiwa.

Upande wa nyama, watu hukosea sokoni. Wanataka steki, laini, isiyo na mfupa. Steki haifai bokoboko. Ukiichemsha muda mrefu inakauka na kuwa nyuzi tupu. Chukueni kilo moja na nusu ya muundi au shingo, nyama yenye mishipa na utando mgumu. Huo utando, ukikaa katika joto la wastani kwa saa kadhaa, huyeyuka ukawa rojo, na rojo hiyo ndiyo inayoifunga ngano. Nawaambia hili hasa wazazi mnaomtafutia mtoto wenu mtu mpole asiye na neno. Mtu mwenye misimamo, aliyezoea kujitegemea, anayebisha, anachelewa kuiva, ni kweli. Lakini akiwa na heshima na haya, katika chungu cha miaka mingi huyo ndiye mwenye cha kutoa.

Nyama ikichemka, povu la kijivu litapanda. Miezi ya kwanza ya ndoa ina povu: huyu anakoroma, yule anaacha taulo kitandani, huyu hanywi chai bila maziwa. Liengueni kwa upawa, mlitupe. Nyama nzuri nayo hutoa povu. Msilikoroge tu likarudi ndani.

Sasa ngano inaingia, mnaongeza vijiti viwili vya mdalasini, tangawizi kidogo, mnapunguza kuni. Hapa nataka tukae, kwa sababu hapa ndipo vyungu vingi huharibika.

Baada ya saa mbili hivi, bokoboko ni kitu kibaya kutazama. Supu ni nyepesi, ngano imevimba inaelea peke yake, nyama imesinyaa na ni ngumu kuliko ilipoingia. Harufu nzuri ya mwanzo imepungua, na utamu bado haujaja. Mtu akionja saa hiyo, ataapa kwamba chakula kimeharibika. Hakijaharibika. Joto limeanza tu kuufikia ule utando wa ndani.

Katika ndoa saa hiyo huja mara nyingi watoto wakiwa wadogo. Mnalala kwa zamu, mazungumzo yenu ni dawa ya kikohozi na karo, mnakaa chungu kimoja kila mtu akielea upande wake. Wengi hapo hufanya moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaochochea kuni: safari ya ghafla, zawadi ya mkopo, ugomvi mkubwa na mapatano makubwa, ili waone tena yale mapovu ya mwanzo. Moto mkali hauharakishi bokoboko. Unakausha maji juu, unaunguza chini, na katikati nyama inabaki vilevile. Wengine humwaga viungo, binzari juu ya iliki juu ya karafuu, maneno matamu mengi kwenye simu, na nyama iliyo chini yake haijaguswa na mtu.

Kinachotakiwa saa hiyo ni kazi ndogo isiyopendeza: kukaa karibu na mwiko. Kila baada ya muda mfupi unaupitisha mwiko hadi chini ya chungu, polepole, ngano isitulie mahali pamoja. Robo saa ya kukaa kibarazani watoto wakishalala, bila simu, mkaulizana siku ilikwendaje, huo ni mwiko umefika chini. Maji yakipungua, ongezeni, lakini yawe ya moto. Maji baridi hukatisha uchemkaji na chungu kikachukua muda mrefu kurudi. Na chumvi itieni kidogo mwanzoni, kwa sababu supu inavyopungua, chumvi ileile inazidi kukolea. Kemeo ambalo mke mchanga alilivumilia akacheka, akiwa na miaka kumi ndani ya nyumba linaunguza ulimi. Hukuongeza chumvi, maji ndiyo yamepungua.

Nitawapa chungu kimoja ninachokijua, na wenyewe wameniruhusu kukisema. Mume alikwenda Maskati kufanya kazi ya udereva, mke akabaki nyumbani kwa wakwe na watoto wawili. Pesa zilikuja kila mwezi bila kukosa, kwa hiyo moto ulikuwepo. Mwiko haukuwepo. Simu zikawa za kodi na daftari la shule, kisha zikawa ujumbe wa maneno manne. Ngano ilikuwa inatua chini na hakuna aliyejua.

Dalili zilikuwepo. Bokoboko linaloanza kushika husikika: badala ya kutokota kwa sauti ndogo mfululizo, linanyamaza kisha linapasua puu, puu. Mke alikuwa kimya wiki nzima kisha analipuka kwa jambo la sabuni. Ukipitisha mwiko unahisi unakwaruza. Kila mke alipotaja nyumba ya wakwe, mazungumzo yalikwaruza. Harufu ya moshi huja mwisho, na harufu yenyewe ilikuwa kiwanja. Mume alirudi likizo akatangaza mbele ya watu kwamba amemnunulia mama yake kiwanja kwa akiba ambayo mke aliamini ni ya kuhama pale kwa wakwe. Hayo yalikuwa maji baridi ndani ya chungu kilichokwisha shika.

Wazee walikaa nao. Kwa nia njema kabisa, kila kikao kilianza na swali la nani alianza. Hilo ndilo kosa la jikoni linalojulikana zaidi: chungu kikishika, mtu hushika mwiko akakwangua chini. Ukoko mweusi unapanda, unasambaa, na chakula ambacho sehemu kubwa kilikuwa kizima kinaonja moshi chote. Kila kikao kiliwatoa na uchungu mpya wa jambo la zamani.

Shangazi mmoja wa mume ndiye aliyejua kupika. Kwanza aliwaepua: vikao vikome, mke akapumzike kwao hadi siku za hasira zipite. Pili, aliwauliza sababu ya kushika, na si nani mkosaji. Wakakubaliana kuwa ni pesa kutumika bila kuambiana na nyumba isiyo yao. Kisha akawahamishia chungu kingine. Bokoboko lililoshika linamiminwa taratibu kwenye sufuria safi, kinachoteleza chenyewe ndicho kinachochukuliwa, kilichonata kinaachwa pale. Walipanga vyumba viwili. Kiwanja kilibaki cha mama, na habari yake haikufunguliwa tena. Kila matumizi makubwa yanasemwa kabla, na Ijumaa baada ya Isha ni simu isiyotaja pesa. Waliongeza maji ya moto, kidogo kidogo. Harufu ya moshi haikwisha yote. Mke mwenyewe anasema ipo siku bado anaisikia. Lakini wanakula, na wanashiba.

Mpishi lazima aseme pia chungu kisichookolewa. Nyama ikiingia imeoza, saa nyingi za moto hazitaifanya salama. Mkono unaopiga, vitisho, kufungiwa mtu ndani, hayo hayaitwi povu wala hayaitwi ngano kushika. Chungu hicho kimwagwe, na anayekula atolewe hapo kwanza. Asije mzee yeyote akamwambia binti aendelee kukoroga.

Kwa vyungu vizima, baada ya saa nne au tano za moto nyama huachia mfupa yenyewe. Toeni mifupa, kisha pondeni kwa mwiko kwa nguvu, wote wawili kwa zamu kwa sababu mkono mmoja unachoka. Mtajua limeiva mkiinua mwiko likavutika kama uzi kabla ya kukatika. Katika nyumba, uzi huo ni pale mmoja anapojibu wageni na mwenzake akaona ndilo jibu ambalo naye angelitoa. Samli ya moto na vitunguu vya kukaanga huja wakati wa kupakua. Harusi zetu huimwaga samli yote siku ya kwanza juu ya ngano mbichi, wekeni akiba.

Bibi mmoja aliyekaa nyuma ameniletea swali kwenye karatasi: je, la jana lililoganda? Yeye na mumewe ni watu wazima, watoto wameondoka, chungu kimepoa na ndani limekuwa jiwe. Bibi, bokoboko likipoa huganda, ndiyo tabia yake, na lililoganda limeshaiva. Usilirudishe jikoni kavu, litaungua kabla halijalegea. Tia kikombe cha maji ya moto pembeni, funika, moto wa makaa machache, uache kwanza. Kwenu nyinyi hiyo ni safari moja fupi ya asubuhi, wawili tu, hadi sokoni au ufukweni, bila kuyafufua ya zamani. Likianza kulegea kandokando, ingiza mwiko pole pole kutoka pembeni kwenda katikati, ongeza kikombe kingine. Kesho yake rudia. Na chumvi msitie tena, iliyopo inatosha.