Inarudi, lakini lini?

Naona wengine mnatabasamu. Mmeshanisikia nikiililia safu hii. Ni ile ya mchanganuo wa mradi ambamo bei ya mtambo imeandikwa bila kodi ya ongezeko la thamani, na pembeni pameandikwa: "itarudishwa baadaye." Baadaye lini, jamani?

Nilikaa na mwenye mradi mmoja aliyeagiza mtambo kutoka nje. Bei, usafiri na bima hadi bandarini ilikuwa milioni 500. Ushuru wa forodha asilimia 10, milioni 50. Sasa angalieni: kodi haikokotolewi juu ya 500, bali juu ya 550, ushuru ukiwemo. Kwa kiwango cha asilimia 18, ni milioni 99. Benki ilikuwa imemkopesha fedha za mtambo na ushuru basi. Mzigo umefika, wakala wa forodha anapiga simu kila asubuhi, tozo ya kuuhifadhi inapanda, naye anahangaikia milioni 99 ambazo mchanganuo wake haukuzitaja. Alizipata kwa mkopo mwingine, riba asilimia 15 kwa mwaka.

Mtu ataniambia: si zinarudi? Zinarudi, ndiyo, kwa kukatwa kwenye kodi unayowatoza wateja wako. Tuhesabu. Kufunga na kujaribu mtambo kulikula miezi 8. Hakuna mauzo, basi hakuna kodi ya mauzo ya kukatia. Alipoanza kuuza milioni 40 kwa mwezi, alitoza wateja kodi ya milioni 7.2. Kodi aliyolipa kwenye malighafi ikala 1.8 kati ya hizo, zikabaki 5.4 za kupunguzia zile 99. Gawanyeni wenyewe: miezi 18 na ushee. Ukijumlisha na ile 8, ni zaidi ya miaka miwili. Riba ilidai 99 nzima kwa miezi 8, kisha kiasi kinachopungua, wastani nusu yake, kwa miezi 18. Hiyo ni kama milioni 21. Kodi ilirudi yote, na mwisho wa safu panasomeka sifuri safi kabisa. Riba haikurudi.

Kwa hiyo andika mistari miwili: kodi inatoka mwezi mzigo unapofika, inarudi kidogo kidogo mauzo yakianza. Kisha omba mkopo unaotosha ule mwezi mbaya kuliko yote, si jumla ya mwisho.

Ukiomba marejesho ya taslimu, kuna ukaguzi. Weka miezi ambayo wenzako wamesubiri kweli. Kuna nchi zinazoruhusu kuahirisha kodi hii kwa mitambo. Ombeni kabla meli haijatia nanga. Na kama bidhaa unayouza imesamehewa kodi, futa hesabu yangu yote: hairudi hata senti, ni sehemu ya bei ya mtambo. Bidhaa inayotozwa kodi kwa kiwango cha sifuri ni jambo jingine, hapo inarudi; msichanganye.

Naonyeshwa saa. Habari ya ankara zilizoandikwa jina la mkurugenzi badala ya kampuni, anayetaka anifuate pale mlangoni.