Jinsi ya Kukadiria Kurejea kwenye Wastani katika Utafiti wa Kabla na Baada

Karibuni, watazamaji. Jedwali mnaloliona kwenye skrini lina takwimu za mfano nilizozitengeneza kwa ajili ya somo hili. Watu wazima wengi walipimwa shinikizo la damu mara moja, na wale ambao namba yao ya juu ilifika 150 au kuzidi wakaingizwa katika programu ya mazoezi ya wiki 12. Mwanzoni wastani wa kundi hilo ulikuwa 160, na mwishoni ulikuwa 148. Mtafiti anahitimisha kwamba mazoezi yameshusha shinikizo kwa milimita 12 za zebaki. Sisi tunataka kujua ni kiasi gani cha milimita hizo kingeshuka hata kama hakuna mtu aliyefanya mazoezi.

Hatua ya kwanza ni kuchunguza jinsi washiriki walivyochaguliwa. Kipimo chochote cha shinikizo hubeba mambo mawili: kiwango cha kawaida cha mtu, na kupanda au kushuka kwa siku hiyo kunakotokana na usingizi, wasiwasi, au namna kipimo kilivyochukuliwa. Miongoni mwa waliofika 150 wamo ambao shinikizo lao ni kubwa siku zote, na wamo ambao siku hiyo tu liliwapanda. Waliokuwa na kiwango kikubwa lakini wakapimwa siku ambayo lilikuwa limeshuka hawakuingia kabisa. Kwa hiyo mabadiliko ya bahati ndani ya kundi hili hayafutani, kwa kuwa kigezo chenyewe kimeyaelemeza upande wa juu. Katika kipimo cha pili hakuna anayechujwa, na wastani unashuka wenyewe; huku ndiko kurejea kwenye wastani.

Hatua ya pili ni kutafuta namba mbili. Ya kwanza ni wastani wa watu wote waliopimwa mwanzoni, wakiwemo walioachwa nje. Katika mfano wetu ni 130. Ya pili ni r, yaani kipimo cha uhusiano kati ya vipimo viwili vya watu walewale, vilivyopishana kwa muda unaofanana na ule wa utafiti bila programu yoyote katikati. Hapa tuchukue 0.7. Nawasihi msiikokotoe r kutoka kwa kundi lililochaguliwa pekee. Kundi hilo lina upeo finyu wa namba, hivyo r itatoka ndogo kuliko ilivyo, na mtakadiria mshuko wa bahati kupita kiasi.

Hatua ya tatu ni kuingiza namba hizo katika kanuni hii:

```
matarajio = wastani + r × (mwanzo − wastani)
matarajio = 130 + 0.7 × (160 − 130) = 151
```

Bila mazoezi yoyote, tungetarajia kundi lishuke kutoka 160 hadi 151, yaani milimita 9. Zinabaki milimita 3 tu ambazo huenda zimeletwa na mazoezi, au na jambo jingine kama vile washiriki kuzoea kupimwa. Sasa badilisheni r muone jibu linavyoyumba: r ikiwa 0.6, matarajio ni 148, na mshuko wote umeshapata maelezo; ikiwa 0.8, matarajio ni 154, na zinabaki milimita 6. Jaribio la takwimu la kulinganisha kabla na baada halitatuokoa hapa hata likitoa matokeo thabiti kiasi gani, kwa sababu linathibitisha tu kwamba wastani umeshuka na halielezi sababu.

Hatua ya nne ni kuangalia upande wa pili. Kama waliopata takriban 110 mwanzoni nao wangepimwa tena, kanuni ileile inatabiri wastani wa 116, yaani wapande. Wakipanda kweli bila kufanyiwa lolote, huo ni ushahidi mzito kwamba kurejea kwenye wastani kunafanya kazi hapa. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton, katika kazi yake ya mwaka 1886 kuhusu urefu wa wazazi na watoto, aliona kwamba watoto wa wazazi warefu sana ni wafupi kuliko wazazi hao kwa wastani. Na ukianza na watoto warefu sana, wazazi wao nao hutokea kuwa wafupi kuliko watoto hao. Kwa kuwa mtoto hawezi kumfupisha mzazi wake, tunajua kwamba chanzo ni uchaguzi wa namba za pembeni. Kwa sababu hiyohiyo, kauli ya kwamba waliokuwa na hali mbaya zaidi ndio walionufaika zaidi inapaswa kutushtua.

Hatua ya mwisho inahusu anayepanga utafiti mpya. Tumieni kipimo cha kwanza kuchagua washiriki, kisha wapimeni tena siku nyingine na mkichukue kipimo hicho cha pili kuwa mwanzo wa utafiti. Njia hii huondoa sehemu kubwa ya tatizo, ingawa mabadiliko yanayodumu kwa wiki kadhaa yanaweza kupenya. Njia iliyo imara zaidi ni kuwagawa kwa kura wote waliofika 150 katika makundi mawili, moja lifanye mazoezi na jingine lisubiri. Makundi yote mawili yatarejea kwenye wastani kwa kiasi kinachokaribiana, na tofauti kati ya mshuko wa moja na wa jingine ndiyo itakayotumika kukadiria athari ya mazoezi.